Heshima Inapohama: Kisa cha Kiambishi Kimoja cha Kikorea

Ahsanteni kwa kufika. Mada niliyopewa, namna lugha zinavyobeba heshima, ni pana mno. Tukiifuata yote tutazunguka dunia nzima na kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo leo nitachukua kiambishi kimoja tu cha Kikorea, -shi-, nikifuate mpaka pale kinapoanza kuleta ugomvi.

Kabla ya hapo tuwatenganishe watu wawili ambao ni rahisi kuwachanganya. Yupo ninayezungumza naye, na yupo ninayemzungumzia. Naweza kuwa naongea na rafiki yangu wa utotoni habari za bibi yangu, au naongea na mwalimu wangu habari za mtoto mdogo. Swali ni hili: heshima inamwendea nani, msikilizaji au mtajwa?

Kwenye Kiswahili swali hilo halitukoseshi usingizi, kwa kuwa kitenzi chetu hakina nafasi iliyotengwa kwa ajili ya heshima. "Bibi anakuja", "mtoto anakuja", ni a- ileile. Heshima tunaiweka kwingine: kwenye maamkizi, kwenye jina tunalomwitia mtu, kwenye "naomba" badala ya "nipe". Ndugu zake Kiswahili hawafanyi hivyo wote. Kichewa na Kishona humsemea mkubwa mmoja kwa umbo la wingi, na hapo kitenzi kinaingia kazini.

Kikorea kimekwenda mbali zaidi, kimempa kila mmoja wa wale watu wawili nafasi yake ndani ya kitenzi. Mtanivumilia kwenye matamshi. Ubaoni nimeandika kwa herufi zetu, kwa kukaribisha tu, maana Kikorea kina irabu ambazo sisi hatunazo. Mzizi wa "kuja" ni o-. Nikimwambia rafiki kwamba mtoto anakuja, nasema onda. Nikimwambia rafiki huyohuyo kwamba bibi anakuja, nasema oshinda. Rafiki hajabadilika, aliyebadilika ni anayekuja, na -shi- imeingia kwa ajili yake. Sasa nimgeukie mwalimu. Mtoto anakuja: omnida. Bibi anakuja: oshimnida. Ule mwisho wa -mnida ni wa mwalimu, na -shi- imebaki kuwa ya bibi. Sentensi moja inaweza kumheshimu msikilizaji bila mtajwa, au mtajwa bila msikilizaji, au wote, au isimheshimu yeyote. Mkiniuliza mimi, sijaona mfumo safi kuliko huu, kwenye karatasi.

Nasema kwenye karatasi kwa sababu msikilizaji hakubali kukaa kwenye chumba chake. Chukueni kijana anayemwambia babu kwamba baba amefika. Kwa kijana, baba ni mkubwa, kwa hiyo anastahili -shi-. Lakini mbele ya babu, baba naye ni mtoto. Kanuni ya jadi inamtaka kijana aiache -shi- ya baba, asimkweze mdogo mbele ya mkubwa wake. Leo familia nyingi haziifuati, na kwenye ofisi za Korea kumtaja mkuu wa idara kwa -shi- mbele ya mkurugenzi ni jambo la kawaida. Wajapani wameipeleka kanuni ya namna hiyo upande mwingine. Mfanyakazi akipokea simu ya mtu wa nje ya kampuni, humtaja bosi wake mwenyewe kwa jina tupu, bila neno la heshima, na kwa vitenzi vya kujishusha, kwa kuwa wakati huo bosi yuko upande wetu na aliyepiga simu ndiye mgeni. Mnaona: hata heshima ya mtajwa inapimwa kwa jicho la msikilizaji.

Turudi kwenye -shi-, maana ina kazi moja zaidi tusiyoigusa bado. Kwa kawaida inamfuata kiima, yaani mtendaji wa kitenzi. Lakini nikisema "macho ya bibi ni makubwa", kiima ni macho, si bibi. Je, macho yanaheshimiwa? Ndiyo, na ni sahihi kabisa: nun-i kushida, ndani yake mna -shi-. Hapo heshima inapitia kwenye kiungo cha mwili kumfikia mwenyewe. Inaweza kupita pia kwenye umri wake, maneno yake, hata mali yake. Wanasarufi wanaiita heshima ya kuzunguka.

Lakini njia hiyo ina geti, na geti linaonekana vizuri kwenye kitenzi itta. Kikorea hutumia itta pale sisi tunaposema "yupo" na pale tunaposema "ana". Ukitaka kumheshimu bibi aliyepo chumbani, mzizi wenyewe unabadilika, unasema kyeshinda. Ukitaka kusema bibi ana pesa, huruhusiwi kutumia kyeshi-, unatumia mzizi ule wa zamani na kuupachika -shi-: issushida. Kwa nini? Kwa sababu kilichopo hapo ni pesa, na bibi anaheshimiwa kwa kuzunguka tu. Sasa msikilizeni mshereheshaji kwenye hafla, anayetaka kusema kwamba mwenyekiti ana hotuba. Mara nyingi atasema malssum-i kyeshigessumnida. Wanaosahihisha lugha watakunja uso, kwa kuwa amelikweza neno "hotuba" kana kwamba hotuba ni mzee aliyeketi jukwaani. Alitakiwa kusema issushigessumnida.

Basi kosa la mshereheshaji ni dogo, tena lina mantiki. Kosa lililozua kelele kweli ni la wahudumu wa migahawa na maduka. Mhudumu anaweka kikombe mezani na kusema kopi naoshyossumnida: "kahawa imetoka", na -shi- ndani yake, imegeuka -shyo-. Mwenzake dukani anakuambia bidhaa imekwisha, na bidhaa inapewa -shi-. Magazeti ya Korea yameandika, walimu wamelalamika, na Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea imeeleza kwamba si sahihi. Kuna migahawa iliyobandika matangazo kuwaeleza wateja kwa nini kahawa yao haitaheshimiwa. Na bado mhudumu anaendelea kuisema, mara nyingi akijua fika kwamba sarufi inamkataza.

Lawama ya kawaida ni kwamba vijana hawajui lugha. Mimi siikubali, na nitawapa kipimo cha kuonyesha kwamba kinachotokea ni kitu kingine. Mtoeni mwenye kuheshimiwa chumbani. Bibi akiwa hayupo, mjukuu akimweleza rafiki yake kuhusu macho ya bibi, -shi- inabaki palepale, kwa sababu ni ya mtajwa, awepo asiwepo. Sasa mhudumu amgeukie mwenzake jikoni amwambie kahawa ya mteja yule imetoka. Anasema nawasso, kavu, bila -shi-. Kahawa ni ileile na mteja ni yuleyule, ila hayumo tena kwenye mazungumzo. Maana yake -shi- ya kahawa haikuwa ya kahawa hata siku moja, wala haikuwa ikizunguka kumfikia mwenye kahawa. Ilikuwa inamwelekea aliyesikiliza. Kiambishi cha mtajwa kimeanza kufanya kazi ya msikilizaji.

Mtauliza: si msikilizaji ana mwisho wake, ule wa -mnida? Anao. Lakini mwisho huo hutumiwa kwa kila mtu asiyezoeleka, kutwa nzima, mpaka umechakaa. Mhudumu anayelipwa ili mteja ajione mfalme anatafuta cha kuongeza, na kilicho karibu ni -shi-. Akikiacha, wapo wateja watakaomwona mkavu. Kati ya hasira ya mwalimu wa lugha na hasira ya mteja, anajua ipi inaweza kumfukuzisha kazi.

Na hapa historia inanifurahisha. Kwenye maandishi ya Kikorea ya karne ya 15, baada ya herufi za Hangul kutangazwa mwaka 1446, kitenzi kilikuwa na nafasi tatu za heshima, si mbili. Kulikuwa na -shi- ya mtendaji. Kulikuwa na kiambishi kingine cha kumheshimu msikilizaji. Na kulikuwa na cha tatu, -sap-, kilichotumika pale mkubwa alipokuwa ndiye mtendewa: mtu anamwona mfalme, mtu anamletea Buddha sadaka. Kiko wapi leo? Kilihama. Kidogo kidogo kikaacha kumwangalia mtendewa kikamgeukia msikilizaji, kikashikamana na kile cha msikilizaji, na viwili hivyo ndivyo vilivyozaa -mnida ya leo na ndugu yake -ssumnida. Ule mwisho niliosema ni wa mwalimu ulianza maisha yake ukiwa wa mtu mwingine kabisa.

Wajapani wana kisa kinachofanana. Mwisho wao wa adabu, -masu, ule ambao mwanafunzi wa Kijapani hufundishwa wiki ya kwanza, unatokana na mairasu, kitenzi cha kujishusha chenye maana ya kumpa mkubwa kitu. Kilipochoka kumtumikia aliyepewa, kikabaki kumtumikia anayesikia. Kwa hiyo njia ya kutoka kwa mtajwa kwenda kwa msikilizaji imekanyagwa zaidi ya mara moja, na sioni ajabu -shi- ikipita hapohapo. Ajabu ingekuwa kinyume chake: sijui kisa cha kiambishi cha msikilizaji kilichorudi kuwa cha mtajwa.

Namalizia na sentensi ambayo hata Wakorea wenyewe hubishania. Ukienda kliniki, muuguzi anaweza kukuelekeza kiti kwa kusema anjushilgeyo. Anj- ni "kuketi". -shi- mnaijua. Tatizo ni -lgeyo. Huo ni mwisho wa kuahidi, unaotumika kwa nafsi ya kwanza: kalgeyo ni "basi mimi naenda". Mtu haahidi kwa niaba ya mwingine, na mtu hajipi -shi- mwenyewe. Kwa kanuni, viambishi hivi viwili haviwezi kukaa kwenye kitenzi kimoja, kwa sababu kimoja kinasema anayeketi ni mimi na kingine kinasema si mimi. Lakini msikilizeni muuguzi. Angesema anjuseyo, "keti", heshima ipo lakini ni amri, na anatakiwa kumwamuru mgonjwa mara mia kwa siku. Akitumia -lgeyo amri inayeyuka, inakuwa kama yeye mwenyewe ndiye anayejitolea kufanya jambo. Kisha -shi- inakuja kumwonyesha mgonjwa kwamba, hata hivyo, atakayeketi ni yeye.

Karibuni maswali.