Mpishi Hupimwa Jiko Linapowaka: Mhadhara kwa Wasimamizi wa Majiko ya Hoteli

Ndugu wasimamizi, wale walionisikia mara nyingine wanajua nitaanzia wapi, nami sitawaangusha: nitaanzia kwenye ile fomu ya tathmini inayojazwa ofisini saa nne asubuhi, kwa kalamu nzuri na kikombe cha chai pembeni, na msimamizi ambaye hajakanyaga jikoni wakati wa chakula cha usiku tangu alipopandishwa cheo. Fomu ile huuliza kama mpishi ana ubora usiobadilika, naye msimamizi huandika nne kati ya tano. Nne ya nini? Alipima nini, saa ngapi, kwa chombo gani?

Mimi nilijifunza jambo hili kwa sufuria moja ya wali. Niliitwa kwenye hoteli ambayo sitaitaja, ambako wageni walilalamika kwamba sahani zao hazilingani, ilhali stoo iliapa kwamba mchele unaotoka ni ule ule unaotakiwa. Kadi ya mapishi ilisema gramu 180 za wali kwa sahani. Niliweka mizani ndogo kando ya meza ya kutolea chakula, nikaomba kila sahani ya tatu ipite kwangu kabla ya kuwekewa mboga. Saa moja kasoro jioni, oda zikiwa chache, sahani tano za kwanza zilisoma 178, 182, 180, 181 na 179. Mkono wa mpishi yule ungeweza kutumika kama mizani. Saa mbili na robo, oda zikiwa zimejaa kwenye reli, nilipima tano nyingine: 150, 215, 165, 210 na 160.

Sasa tafadhali jumlisheni. Tano za kwanza ni gramu 900, na tano za pili ni gramu 900. Wastani ni 180 katika makundi yote mawili, na ndiyo maana stoo haikuona kitu: mgeni aliyepunjwa alikuwa anamlipia mgeni aliyezidishiwa, na daftari likafunga sawasawa. Kwa hiyo ninaposikia mtu akipima uthabiti wa mpishi kwa wastani, huwa namwomba anioneshe sahani nyepesi kuliko zote na nzito kuliko zote, kisha anieleze tofauti yake. Katika saa ya utulivu tofauti ilikuwa gramu 4. Katika saa ya msukosuko ilikuwa gramu 65. Hiyo 65 ndiyo alama ya mpishi, si ile 180.

Lakini je, ni alama yake peke yake? Hapa ndipo wengi wenu mngefunga faili na kuandika onyo. Nilisogea karibu nikamtazama mikono. Mwanzoni alikuwa akipakua kwa upawa wenye kipimo, akiukata juu kwa ukingo wa sufuria. Ilipofika saa mbili, mwenzake wa upande wa mchuzi aliunyakua upawa ule kwa sababu wake ulikuwa umezama kwenye sinki la vyombo vichafu, na yule wa wali, bila kugeuka wala kusema neno, akachukua kijiko kikubwa cha kukorogea. Jiko zima lilikuwa na pawa mbili za kipimo, na moja ilikuwa chini ya maji. Kosa la mpishi lilikuwa moja, nalo ni kunyamaza. Kosa la upawa lilikuwa la aliyesaini bajeti ya vifaa.

Najua kuna mtu hapo nyuma anayesema kwamba mpishi akijua anatazamwa atajirekebisha, na kipimo chote kitakuwa maigizo. Ni kweli, kwa dakika kumi. Baada ya oda ishirini hakuna mwanadamu anayeweza kuigiza huku jiko likimchoma tumbo, kwa maana mkono hurudi kwenye mazoea yake. Simameni kwa muda wa saa mbili nzima, siku mbili au tatu tofauti, na vipimo vya sahani za mwanzo msivihesabu.

Wali ule ule ulinipa somo la usafi. Fomu huuliza kama mpishi ana sare safi, swali ambalo dobi angelijibu vizuri zaidi. Mimi niliuliza joto la wali. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 hadi kinapopakuliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali una hatari yake ya pekee, kwa kuwa upo bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, huamka wali unapopoa polepole, kisha huacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuivunji. Nilichomeka kipimajoto katikati ya sufuria ya pili, iliyokuwa imeondolewa jikoni ili kupisha kikaango, kikasoma nyuzi 47. Niliuliza imekaa hapo tangu lini, na watu watatu walinipa majibu matatu. Mpishi mwenye nidhamu ya usafi angekuwa ameandika saa ya kuitoa motoni kwenye kipande cha utepe ubavuni mwa sufuria, na hilo ndilo ninalolipa alama.

Kuhusu kunawa mikono nitasema kwa ufupi. Msiangalie glavu, kwani nimeona glavu moja ikigusa kuku mbichi, mpini wa friji na jani la kupambia sahani ndani ya dakika moja, mwenye nayo akijiona salama kabisa. Angalieni sinki la kunawia saa mbili na nusu usiku. Likiwa limejaa sufuria, hakuna aliyenawa, na hamhitaji ushahidi mwingine.

Kwenye upotevu wa chakula, tenganisheni ndoo tatu kabla ya kumlaumu mtu: ya maganda na vipande vya maandalizi, ya vilivyoungua au kuharibika, na ya mabaki ya sahani za wageni. Mkichanganya mtapata kilo tu, na kilo hazisemi nani alikosea. Ndoo ya pili humhusu mpishi moja kwa moja. Ya kwanza humhusu pia, ingawa kisu butu na mboga iliyonunuliwa ikiwa imenyauka humwongezea maganda yasiyo yake. Ya tatu, usiku ule, ilikuwa na wali mwingi, nanyi mnajua tayari ulitoka kwenye sahani zipi.

Naoneshwa kwamba muda umekwisha, na ushirikiano sijaugusa, ingawa kwa kweli nimeuzungumzia tangu pale upawa ulipochukuliwa. Ninachosikiliza wakati wa msukosuko ni jambo moja: oda ikitangazwa, je, mpishi anaitikia kwa kurudia idadi, na akizidiwa, je, anasema kabla sahani hazijachelewa au baada ya hapo? Mpishi yule wa wali nilimpa alama ndogo hapo, nikamwambia mbele ya mpishi mkuu, na mpishi mkuu naye nikamwandikia la kwake. Zilinunuliwa pawa nne. Wiki mbili baadaye nilirudi na mizani saa ile ile ya usiku, na sahani kumi nilizopima zilikuwa kati ya gramu 174 na 187.