Nyongeza Imeingia, Mshahara Umepungua

BAKARI: Karibuni tena. Leo Rehema ameingia na slipu mbili za mshahara, na kabla hata sijawasha maikrofoni alikuwa ameshazitandaza mezani.

REHEMA: Nina haki, Bakari. Nimeongezwa mshahara kuanzia tarehe 1 Julai, kutoka 1,800 hadi 2,400. Namba nimezirahisisha, na viwango vya kodi nitakavyotaja ni vya mfano, kila nchi ina vyake. Juni nilibaki na 1,720 mkononi. Julai nimebaki na 1,620.

BAKARI: Shemeji alisema!

REHEMA: Jamani, shemeji tena?

BAKARI: Wasikilizaji wanamjua. Ndiye aliyekataa nyongeza kazini kwao, akidai ukipanda daraja la kodi unarudi nyumbani na pungufu. Sasa wewe ndiye ushahidi wake.

REHEMA: Si ushahidi wake hata kidogo. Tuseme 1,000 ya kwanza haikatwi, 1,000 inayofuata inakatwa asilimia 10, kinachozidi 2,000 kinakatwa asilimia 20. Kwa 1,800 nalipa 80. Kwa 2,400 nalipa 100 ya daraja la kati, na 80 ya zile 400 za juu. Jumla 180. Asilimia 20 inagusa zile 400 tu, haishuki kwenye pesa za chini. Kwa hiyo nilipaswa kubaki na 2,220.

BAKARI: Na walikukata ngapi?

REHEMA: 780.

BAKARI: Shemeji akisikia hiyo hatalala.

REHEMA: Mwambie hivi: madaraja peke yake hayawezi kukushusha chini ya ulichokuwa unapata. Ukiona mkononi pamepungua baada ya nyongeza, tafuta kosa au kato jipya. Toa 180 kwenye 780, inabaki 600. Gawa kwa miezi sita, Januari hadi Juni, unapata 100 kamili. Na 100 ndiyo tofauti ya kodi yangu ya zamani na mpya. Mtu ameingiza tarehe 1 Januari badala ya 1 Julai. Mfumo ukaamini nimelipwa 2,400 tangu mwanzo wa mwaka, ukadai kodi ya nyuma ya pesa ambazo sijawahi kuziona.

BAKARI: Lakini shemeji aliona slipu ya mwenzake imeshuka vilevile.

REHEMA: Basi huyo mwenzake naye aulize tarehe! Au labda mwezi uliotangulia alilipwa malimbikizo ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na uliofuata ukaonekana umeshuka. Shemeji ameona mwezi mmoja akatunga sheria ya maisha.

BAKARI: Haya, tusomee barua.

REHEMA: «Yah: Ombi la kurekebisha kodi ya Julai. Barua ya nyongeza, niliyoiambatisha, inasema mshahara mpya unaanza tarehe 1 Julai. Slipu ya Julai inaonyesha kodi ya 780. Kwa mshahara wa 2,400 kodi ya mwezi ni 180. Ziada ya 600 inalingana na tofauti ya 100 kwa miezi sita ambayo nililipwa mshahara wa zamani. Naomba mkague tarehe iliyoingizwa, na ziada irudishwe kwenye mshahara wa Agosti. Nimeambatisha pia slipu za Juni na Julai.»

BAKARI: Nzuri, ila ondoa 180 na 600.

REHEMA: Kwa nini?

BAKARI: Kama mfumo wao unakokotoa kwa jumla ya mwaka, nafasi ya daraja la kati usiyoijaza miezi ya nyuma inakusaidia sasa. Kwa jumla hadi Julai umepata 13,200, kodi yake 620, umeshalipa 480. Julai ungedaiwa 140, si 180. Watakujibu hesabu yako si sahihi, wafunge faili. Wape tarehe na viambatisho, hesabu wafanye wao.

REHEMA: Nisipoweka namba watajibu «mfumo ndivyo ulivyokata». Ile 100 mara sita ndiyo inayomwonyesha karani kosa lilipo.

BAKARI: Inamwonyesha pa kukubishia.

REHEMA: Naiacha.

BAKARI: Mimi ningeifuta.

REHEMA: Na nimeipeleka hivyohivyo.

BAKARI: Tulipanga kuzungumzia nini cha kufanya wasipojibu kabla mwaka wa kodi haujafungwa, maana baada ya hapo mara nyingi unadai kupitia ritani yako...

REHEMA: Muda umekwisha, shemeji ameula wote. Ila mwambie achukue nyongeza yake.

BAKARI: Nitampigia jioni. Kwaherini.