Harufu ya Gesi Jikoni: Muda Ulio Nao Kabla ya Cheche

Habari za jioni, ndugu zangu. Asanteni kwa kufika.

Gesi ya kupikia, ile inayokaa kwenye mtungi, ni propani na butani, na zote mbili hazina rangi wala harufu ya kutosha kumwamsha mtu. Ile harufu ya mayai viza inawekwa makusudi kabla gesi haijafika kwako. Kinachotiwa ni kemikali yenye salfa iitwayo ethanethioli. Inatiwa kidogo mno, gramu chache tu kwa mamia ya lita za gesi iliyo katika hali ya majimaji, kwa sababu pua ya binadamu inainasa hata ikiwa imepotelea hewani.

Watu walikubali kuishi na uvundo huu baada ya msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, Texas, shule ililipuka mchana watoto wakiwa ndani. Waliokufa walikuwa karibu 300, wengi wao wanafunzi. Ile ilikuwa gesi asilia iliyotumika kupasha jengo joto, ikawa inavuja na kujikusanya kwenye uwazi chini ya sakafu. Hakuna aliyeinusa, maana haikuwa na harufu. Cheche ya mashine moja ya umeme katika karakana ya shule ikatosha. Baada ya hapo jimbo la Texas likaamuru gesi itiwe harufu, na sehemu nyingine zikafuata.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Harufu haitiwi kwa kukisia. Gesi ya mtungi haiwaki hovyo: inahitaji kuwa kati ya asilimia 2 na 9 hivi ya hewa. Ikipungua hapo haishiki moto, ikizidi nayo haishiki kwa kukosa hewa. Kipimo cha harufu kimewekwa ili mtu mwenye pua nzima ainuse gesi ikiwa imefikia sehemu moja ya tano tu ya kile kiwango cha chini, yaani kama asilimia 0.4. Kwa hiyo unapoinusa, kwa kawaida hewa iliyo puani mwako bado haiwezi kuwaka. Umepewa muda.

Nimesema hewa iliyo puani. Miguuni ni habari nyingine. Propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, butani karibu mara mbili. Ikivuja inashuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inaingia chini ya kabati, inapita chini ya mlango. Tuchukue jiko la mita 3 kwa mita 3, madirisha yamefungwa. Gesi ikikaa kwenye sentimita 30 za chini tu, hiyo ni hewa ya lita 2,700. Asilimia 2 yake ni lita 54, ambazo ni kama gramu 120 za gesi. Kichomeo kimoja kilichoachwa wazi bila moto kinaweza kutoa kiasi hicho ndani ya saa moja. Hapo mtu aliyesimama wima anaweza kusikia harufu ya mbali tu, akasema si kitu, huku miguu yake ikiwa ndani ya hewa inayongoja cheche. Ndiyo maana nasisitiza: harufu hafifu ichukulie kama harufu kali.

Tuseme basi umerudi nyumbani usiku. Unafungua mlango wa jikoni, giza, harufu inakupokea. Mkono wako umezoea kwenda kwenye swichi ya taa. Uzuie. Swichi hutoa cheche ndogo ndani yake inapowashwa, na hutoa inapozimwa pia. Kwa hiyo taa iliyozimwa ibaki imezimwa, iliyowaka ibaki inawaka. Usichomoe friji, usiwashe feni ili kutoa harufu, usiguse kengele ya mlango. Simu nayo usiitumie humo ndani. Kama kuna mshumaa, sigara au jiko jingine linawaka karibu, lizimwe mara moja.

Kinachofuata ni kukata gesi. Kama unaufikia mtungi bila kupita kwenye wingu la harufu kali, zima regulata au funga vali kwa kuizungusha kuelekea kulia mpaka ikome. Fungua mlango wa nje na madirisha. Mlango ni muhimu kuliko dirisha la juu, kwa sababu gesi iko chini na inahitaji njia ya kutokea chini. Toa kila mtu nje, wakiwemo waliolala, kwani harufu mara nyingi haimwamshi mtu usingizini. Ukishafika mbali na nyumba, hapo ndipo upige simu kwa zimamoto au kwa muuza gesi wako.

Msidhani hatari imekwisha pale dirisha linapofunguliwa. Chumba kilichokuwa na gesi nyingi kupita kiasi cha kuwaka, kinapoanza kuingiza hewa, kinashuka na kupita katikati ya ule mpaka wa 2 hadi 9. Dakika hizo za kupunga hewa ndizo za kukaa nje.

Na usijipime kwa pua yako mwenyewe. Pua huchoka. Ukikaa dakika chache ndani ya harufu hiyo utaona kana kwamba imepungua, kumbe ni wewe uliyeizoea. Mwite mtu aliyekuwa nje muda wote, yeye ndiye anuse na kusema kama imekwisha.

Kama mtungi unaendelea kuvuja hata baada ya kufungwa, na unaweza kuubeba salama, utoe nje ukiwa wima, mahali pa wazi, mbali na moto na mitaro. Usiulaze. Ukilala, kinachotoka ni gesi ya maji, na lita moja ya maji hayo hugeuka takriban lita 250 za gesi.

Kutafuta panapovuja ni kazi ya baadaye, hewa ikishasafika. Funga vichomeo vyote, fungua mtungi, kisha paka maji yenye povu la sabuni pale regulata inapokaa kwenye vali, ncha zote mbili za mpira, na mpira wenyewe kwa urefu wake. Panapovuja povu litavimba. Funga tena mtungi. Mpira uliopasuka unabadilishwa, haufungwi kwa utepe. Kiberiti kisitumike kamwe kutafutia uvujaji.

Dada mmoja hapa mbele ameuliza: mbona gesi ikikaribia kuisha harufu inazidi, na watu humwambia ni kawaida? Swali zuri. Ethanethioli huchemka kwenye nyuzi 35, propani kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Gesi hutangulia kutoka, kemikali ya harufu hubaki nyuma, kwa hiyo mabaki ya mwisho yana harufu nyingi zaidi. Hiyo ni kweli. Lakini mtungi usiovuja haunuki ukiwa umefungwa, ujae au uwe karibu kuisha. Kwa hiyo, dada, ukiisikia mtungi umefungwa, kuna mahali inatoka. Fuata hatua zile zile, kisha pakaa sabuni.