Dakika 45 jukwaani: pa kubadilisha mwendo

Ndugu zangu, ratiba ikikupa dakika 45, andaa 40. Mshereheshaji atausoma wasifu wako wote, na kipaza sauti kitagoma kidogo. Ndivyo kumbi zetu zilivyo.

Tuchukue hotuba kuu kuhusu mwani wa Zanzibar. Hoja ni moja: maji ya ufukweni yanapopata joto, kotonii, mwani wenye bei nzuri, unapauka na kufa, dawa ni kuhamia maji ya kina.

Sura ya kwanza, dakika 6, haina slaidi. Unashika tawi lililopauka na kueleza limetoka shamba gani. Sura ya pili, dakika 11, ni nzito: joto, ugonjwa, bei. Hapo ndipo watu huchoka. Utawajua: viti vinalia, nyuso zinamulikwa na simu kutoka chini.

Wengi hapo hutupia kichekesho, kisha wanarudi kwenye grafu. Ukumbi unacheka na kusinzia tena. Mimi ningezima skrini na kuuliza: "Asiyejua kuogelea anyooshe mkono." Msiulize swali la kujieleza, mbele ya watu 300 hakuna atakayejibu. Mkono hauna gharama. Itanyooka mingi, watachekana, na wewe subiri vicheko viishe ndipo useme: wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao wako kama ninyi. Kumbe umeshaingia sura ya tatu, maana kina cha maji sasa kimekuwa tatizo lao.

Steve Jobs alifanya hivyo San Francisco tarehe 9 Januari 2007. Akiwa anaonyesha ramani kwenye iPhone, alitafuta mkahawa wa Starbucks, akaupigia mbele ya ukumbi mzima, akaagiza latte 4,000, kisha akasema amekosea namba. Watu walicheka, lakini pia walikuwa wameona simu ikitoka kwenye ramani hadi kupiga.

Sura ya tatu, dakika 12, ni ya boti na nyavu za mrija, yaani nyavu ndefu ambazo mwani hukua ndani yake. Baada yake, video ya dakika 3 ya wakulima wakivuta nyavu, bila muziki, nawe umenyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko mnavyodhani. Wengi hujikuta wanasimulia picha. Sura ya mwisho, dakika 6, ni ombi lako kwa waliomo ukumbini: nani anunue boti, nani afundishe kuogelea.

Kwenye kadi andika saa, si dakika. Ukianza saa 3:10, mikono ni saa 3:27, video saa 3:41, na saa 3:50 unashuka. Ukichelewa, kata maelezo ya nyavu, kwa kuwa video itayaonyesha. Ombi usiliguse. Wanaochelewa hukata mwisho kwa sababu ndio uliobaki, na wasikilizaji wanatoka wakiujua ugonjwa wa mwani tu.