Tangazo Linapochuja

ZUWENA: Leo tuna duka la mabaibui la Darajani, la kufikirika, lakini hesabu zake ni zile zile mnazoziona kwenye simu zenu. Linalipia tangazo la Facebook na Instagram shilingi 10,000 kwa siku, kwa wanawake wa Mjini Magharibi. Picha ni baibui limetundikwa ukutani, maneno ni "Mabaibui mapya yamefika". Bwana Makame, wiki ya nne wateja wamepungua. Tangazo limechuja au biashara imelala?

MAKAME: Tusikisie, Bi Zuwena. Tufungue Ads Manager, ukurasa wa kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, tutazame safu tatu: Reach, yaani watu wangapi wameliona; Impressions, limeonekana mara ngapi; na Link clicks, waliobonyeza kiungo. Wiki ya kwanza limeonekana mara 28,000, watu 20,000, waliobonyeza 504. Hiyo ni asilimia 1.8, na kila mbonyezo umegharimu kama shilingi 139. Wiki ya nne limeonekana mara 26,000, waliobonyeza 182. Asilimia 0.7, shilingi 385 kila mmoja.

ZUWENA: Pesa ile ile, 70,000 kwa wiki.

MAKAME: Ile ile. Sasa ipo safu ya Frequency, wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukichagua siku 7 za mwisho, utaona 2.0, na utajipa moyo kwamba mara mbili si nyingi. Chagua tangu siku tangazo lilipoanza: limeonekana mara 108,000 kwa watu 24,000. Gawa, unapata 4.5.

ZUWENA: Kumbe baada ya wiki ya kwanza wameongezeka watu 4,000 tu! Wiki tatu zote tunawarudia wale wale.

MAKAME: Mji wetu mdogo. Dar es Salaam tangazo hili lingepata watu wapya kwa muda mrefu zaidi. Na huo 4.5 ni wastani. Wapo walioliona mara moja, wapo walioliona mara kumi.

ZUWENA: Lakini mbonyezo ukipanda bei, si lazima tangazo liwe limechuja. Karibu na Idi kila duka linatangaza.

MAKAME: Ndiyo, kwa hiyo tazama bei ya kuonekana mara 1,000. Kwetu ilikuwa 2,500, sasa ni kama 2,700. Imepanda kidogo tu, ila wanaobonyeza wamepungua kwa zaidi ya nusu. Yaani watu wanaliona na wanalipita. Ingekuwa kinyume, bei ya kuonekana imeruka na asilimia ya wanaobonyeza imebaki pale pale, hapo ni ushindani, na kubadilisha picha hakutasaidia kitu.

ZUWENA: Na wakibonyeza vizuri lakini hawanunui, basi shida iko kwenye bei au kwa anayejibu WhatsApp. Tangazo halina kosa.

MAKAME: Haya, tunalifufuaje?

ZUWENA: Wengi hugeuza rangi ya maandishi wakaona wamemaliza. Jicho linatambua umbo kabla ya kusoma: baibui jeusi, ukuta mweupe, limetundikwa katikati. Ukiacha umbo hilo, mtu atalipita vile vile. Piga picha nyingine kabisa, kwa mfano mkono wa baibui kwa karibu sana, nyuzi za darizi zionekane, umekunjwa hadi kwenye kiwiko.

MAKAME: Na maneno?

ZUWENA: "Mapya yamefika", kwa mtu anayelisoma mara ya tano, si mapya tena, maneno yenyewe yanajikanusha. Andika jambo ambalo mvaaji analijua: "Mkono unapanda mpaka kiwikoni, udhu bila kulowana." Bidhaa ile ile, mlango mwengine wa kuingilia.

MAKAME: Lakini usibadilishe vyote kwa pamoja ikiwa unataka kujua kilichofanya kazi. Picha mpya kwanza, na maneno ya zamani, kwa siku tano hivi. Kisha picha hiyo hiyo na maneno mapya. Na tafadhali, usiingie ndani ya tangazo la zamani kulihariri. Hesabu mpya na za zamani zitachanganyika kwenye mstari mmoja, na maoni ya wateja chini yake unaweza kuyapoteza. Tengeneza tangazo jipya, la zamani lizime, usilifute.

ZUWENA: Kwani yasiende yote mawili?

MAKAME: Mfumo hupenda kumimina pesa kwa moja. Utasema jipya limeshindwa, kumbe ukitazama Amount spent limepewa shilingi 3,000 wiki nzima. Na siku mbili tatu za mwanzo usihukumu, mfumo unajifunza upya.

ZUWENA: Likirudi 1.8?

MAKAME: Kwa watu wale wale, likifika 1.4 ningeridhika. Likibaki 0.7 na picha mpya na maneno mapya, basi waliotaka baibui hilo wameshanunua. Ongeza eneo, fika mpaka Mkokotoni au Chake Chake, au leta bidhaa nyingine.