Vijiti Mchangani: Maneno ya Kuzindua Kitabu cha Masimulizi Yetu

Mbukwenyi! (Wasikilizaji wanaitika.) Mzee mwenyekiti, babu zetu na bibi zetu, akina mama mliotuachia mboga jikoni mkaja, shikamooni.

Nimepewa dakika kumi. Kitabu kina masimulizi mengi, na nikiyagusa yote hamtakinunua. Nitasema habari ya moja tu: jina la Dodoma.

Wengi wetu shuleni tulifundishwa habari ya tembo. Alishuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, pale palipokuwa na mikuyu, akakwama kwenye tope akazama. Mtu akapiga kelele: "Idodomya!" Yaani imezama. Ukilisikiliza neno hilo vizuri, utasikia ni jamaa wa "didimia" ya Kiswahili. Reli ilipofika mwaka 1910 ilikuta jina lipo, na TANU ilipoamua mwaka 1973 makao makuu yahamie huku, haikuhitaji kututafutia jingine.

Sasa, kijana wetu mmoja alikwenda kumrekodi babu aliyekaa pale mbele, mwenye kofia ya kijani. Alikwenda akitarajia tembo, akapewa ng'ombe. Babu anasema wazee wa hapa waliiba ng'ombe wa Wahehe, jirani zetu wa kusini. (Kicheko.) Wahehe mliopo msikasirike, malipo yenu mtayadai baadaye. Wakachinja, wakala, mikia wakaiweka. Wenyewe walipokuja kufuata mifugo, wakaoneshwa mikia imesimama kwenye tope: "Tazameni, ng'ombe wenu wamezama. Idodomya!"

Kijana akaandika, akaniletea. Nikasoma ukurasa mzima, sikucheka hata kidogo. Maneno yalikuwepo yote, ila mahali fulani hadithi ilikuwa imekufa. Tukarudi kwenye simu kusikiliza sauti. Babu anasema, "Wakaichukua mikia, wakafanya hivi..." kisha kimya. Kuku anawika kwa mbali. Halafu watu wanaangua kicheko. Kijana alikuwa ameandika "wakaichomeka", akaunganisha na sentensi iliyofuata kama vile kimya hakikuwepo.

Tukarudi kwa babu na karatasi zetu, tukamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo si mimi." Akainama, akaokota vijiti, akavichomeka mchangani kimoja kimoja, taratibu, kimoja akakilaza upande. Kile cha tano akakivuta kidogo kwa vidole viwili, kama mtu anayejaribu kumtoa ng'ombe kwenye tope, kikamtoka mkononi. Hapo ndipo pa kucheka! Mwenye ng'ombe anavuta, anabaki na mkia mkononi, na mwizi amesimama pembeni anampa pole.

Kwa hiyo mkifika hapo kitabuni mtakuta mstari umelazwa, unaeleza alichofanya babu kwa mikono. Tulifanya hivyo kila tulipokuta kimya. Ilitubidi kurudi kwa kila msimulizi, kumsomea yake kwa sauti, na kufuta alichokikataa. Bibi mmoja alitufutisha kurasa mbili za Mtunya, ile njaa iliyoanza 1917, baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka na mifugo na vijana kubebeshwa mizigo, kisha mvua ikakosekana. Alisema yaliyomo humo ni ya nyumba yake. Tukafuta. Yaliyobaki yanatosha kukukosesha usingizi.

Kuna walioshauri tuchague: tembo au ng'ombe, watoto wasichanganyikiwe. Mimi nilikataa. Hakuna aliyekuwepo kijitoni akaja kutuambia, na hadithi mbili zinazogombea neno moja zinakuonesha watu wake zaidi ya moja iliyosafishwa. Ziko zote mbili, ukurasa kwa ukurasa, zinatazamana.

Tahajia nayo ilitugombanisha. Kigogo kina sauti kama ile iliyo kwenye jina la Nhinhi, na vijana walikuwa wakiidondosha hiyo "h" kwa mazoea ya Kiswahili. Mwalimu mstaafu aliyekaa nyuma ndiye aliyezirudisha zote kwa kalamu nyekundu. Mwalimu, ahsante. Ahsante kwa vijana mliochapa usiku umeme ukikatika, na kwa akina mama mliotukaribisha ugali wa uwele na mlenda kila tulipofika bila taarifa. Wasimulizi, majina yenu yako mwanzoni mwa kila simulizi, kwa herufi kubwa kuliko zetu.

Nakala ziko mezani. Nyingine zitakaa shuleni na ofisi ya kijiji, za kuazima. Msisome kimyakimya, msomeeni mzee wa nyumbani, na akisema "sivyo", andikeni pembeni mlete. Kurasa za mwisho tumeziacha tupu kwa kazi hiyo.

Nimemaliza dakika zangu. Babu, karibu mbele. Mchanga upo, na vijiti nimekuokotea.