Tone la Maji Juu ya Taulo Laini

Habari za jioni, ndugu zangu. Mezani hapa nimetandaza mataulo mawili. Yote ni ya pamba tupu, nilinunua siku moja, na yana ukubwa na uzito mmoja. La kwanza nimelifua mara kumi na mbili kwa sabuni peke yake. La pili nimelifua mara kumi na mbili pia, ila kila mara nilitia kilainishi cha nguo katika maji ya mwisho ya kusuuza. Ninyi mlioketi mbele, hebu yashikeni. Naona mnatikisa vichwa: la pili ni laini zaidi, hilo halina ubishi.

Sasa angalieni. Nachukua bomba la matone, nadondosha tone moja juu ya taulo la kwanza, kutoka kimo cha sentimita moja hivi. Limezama kabla sijainua mkono. Nafanya vivyo hivyo kwa la pili. Tone limekaa juu ya vitanzi kama maji juu ya jani la myugwa. Tuliache hapo hapo, tutalirudia. Wapimaji wa nguo katika maabara nao hutumia kipimo cha aina hii: hudondosha tone na kuhesabu sekunde hadi ule mng'ao wa maji utoweke. Nanyi mnaweza kukifanya nyumbani kwa kijiko.

Ili kujua tone lile limekwama wapi, tuanze na pamba yenyewe. Unyuzi wa pamba karibu wote ni selulosi, na selulosi ina mshikamano mkubwa na maji. Lakini pamba iliyotoka shambani haifyonzi. Ukiitupa ndani ya beseni inaelea, kwa sababu unyuzi umefunikwa na nta nyembamba ambayo mmea umeupa. Kiwandani huichemsha pamba katika maji yenye magadi makali ili nta hiyo itoke, na hapo ndipo inapoanza kunywa maji. Likumbukeni jambo hili: taulo ni pamba iliyovuliwa nta.

Halafu kuna vitanzi. Kila kitanzi kina nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, na kati yake mna vijia vyembamba mno. Maji hupanda ndani ya vijia hivyo kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa. Lakini maji huvutwa tu pale yanapokubaliwa na kuta za kijia. Kuta zikiwa na mafuta, kijia kile kile kilichokuwa kikiyavuta huyasukuma nje. Vitanzi ni vile vile na nafasi ni zile zile, ila mlango umefungwa.

Kilainishi ndicho kinachoufunga. Molekuli yake ina kichwa chenye chaji chanya na mikia mirefu ya mafuta, kwa kawaida yenye kaboni 16 au 18, itokanayo na mafuta ya wanyama au ya mimea. Pamba ikiwa majini huwa na chaji hasi kidogo. Hivyo kichwa hunasa kwenye unyuzi na mikia hubaki imeelekea nje. Hapa kilainishi kinatofautiana kabisa na sabuni. Sabuni hufanya kazi yake kisha ikaondoka na maji. Kilainishi kimetengenezwa kibaki.

Mtu ataniuliza: kifuniko kidogo cha kilainishi kinaweza kuharibu taulo zima? Tupige hesabu pamoja. Tuseme mmeweka nguo za kilo 5 na mililita 35 za kilainishi, ambamo kiini chenyewe ni kama asilimia 12. Hizo ni gramu 4 hivi za mafuta yenye chaji. Taulo la kuogea la nusu kilo litapata sehemu moja ya kumi, yaani gramu 0.4. Ni kiasi kidogo sana. Lakini nyuzi za pamba ni nyembamba, na ukijumlisha ngozi ya nje ya nyuzi zote za taulo hilo unapata karibu mita 90 za mraba. Ukiyatandaza mafuta yale juu ya eneo lote hilo, yanatosha tabaka moja au mawili ya molekuli. Na ili kulikatalia tone la maji, tabaka moja linatosha.

Kwa kweli hayatandazwi sawasawa. Mara ya kwanza hukaa kwa mabaka, na taulo bado linafyonza vizuri. Ndiyo maana watu wengi hawahusishi tatizo na kilainishi. Wanaona taulo limezeeka tu. Ukifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, mabaka ya wiki iliyopita hayatoki yote, na mapya yanaongezeka juu yake. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Unajifuta, na taulo linayahamisha maji kutoka bega moja kwenda jingine badala ya kuyachukua. Dalili nyingine ni ule utelezi vidoleni, kama wa mshumaa, unaposugua vitanzi vikavu.

Sasa tugeukie ulaini, maana hapa ndipo mimi mwenyewe niliposhangaa zaidi. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba taulo lililokauka kwenye kamba hukakamaa kwa sababu ya chokaa ya maji na mabaki ya sabuni. Mambo hayo yapo, hasa penye maji magumu. Lakini taulo la pamba hukakamaa hata likifuliwa kwa maji yasiyo na chokaa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na kampuni ya Kao, huko Japani, walichunguza uso wa pamba na kuonyesha kwamba chanzo ni maji yenyewe. Hata pamba tunayoiita kavu imebakiza maji machache yaliyong'ang'ania usoni mwake, na maji hayo huunganisha unyuzi na unyuzi kama gundi. Taulo linapokauka likiwa limetulia, viungo hivyo vinakuwa vingi, na kitambaa kizima kinasimama kama ubao.

Kumbe kilainishi hulainisha kwa kuzuia gundi ya maji isishike. Na huizuia kwa kuyaweka maji mbali na nyuzi! Ulaini ule na kushindwa kule kufyonza ni tendo moja. Ndiyo sababu siamini kwamba ukipunguza kipimo utapata vyote viwili kwa ukamilifu. Utapata nusu ya hiki na nusu ya kile.

Lakini gundi hiyo ni dhaifu, inavunjika kwa mkono. Likung'uteni taulo kwa nguvu mara kumi kabla ya kulianika, vitanzi visimame. Likikauka, likung'uteni tena au mlisugue upande mmoja kwa mwingine. Mashine ya kukaushia hufanya kazi ile ile: hulirusharusha taulo muda wote linapokauka, viungo visipate utulivu wa kujengeka. Upepo kwenye kamba nao husaidia. Chumba kisicho na upepo ndicho kinachotoa taulo gumu kuliko yote.

Aina ya unyuzi hubadilisha hesabu yote hii. Pamba hunywa maji hadi ndani ya unyuzi wenyewe, ukavimba. Kwa hiyo hata baada ya kukamuliwa vizuri na mashine inabaki na maji karibu nusu ya uzito wake, na hayo hayana njia ya kutoka ila kuwa mvuke. Poliesta hainywi ndani karibu kitu. Maji yake yote yamo kati ya nyuzi, mashine ikizunguka yanatoka, na kitambaa kinakauka upesi. Haina gundi ya maji ya kutosha kukakamaa, basi haihitaji kulainishwa. Taulo za mikrofaiba, ambazo mara nyingi ni poliesta iliyochanganywa na nailoni, hutegemea mianya kati ya nyuzi zilizochanika vipande vyembamba mno. Zikipakwa mafuta ya kilainishi hazina akiba nyingine ya ndani ya kutegemea, zinaharibika vibaya kuliko pamba.

Mataulo yanayoitwa ya mianzi kwa kawaida ni viskosi, yaani selulosi iliyoyeyushwa na kutengenezwa upya kuwa uzi. Yana ulaini wa kupendeza bila msaada wowote na hunywa maji mengi kuliko pamba, lakini hukauka polepole, na viskosi hudhoofika ikiwa mbichi ilhali pamba huongezeka nguvu. Msiyasugue kwa ukali.

Kwa pamba, kabla ya kununua angalieni msokoto wa uzi wa vitanzi. Uzi uliosokotwa kidogo ni laini na hunywa haraka, lakini hutoa manyoya na kuchomoka mapema. Uliosokotwa sana hudumu, ila ni mkavu mkononi. Tena, ule ulaini wa dukani msiuamini: viwandani mara nyingi hupaka silikoni mwishoni, ndiyo maana taulo jipya linateleza mwilini. Lifueni mara mbili au tatu kwanza.

Naona mkono umeinuka. Dada pale nyuma anauliza kama siki inaliokoa taulo lililoziba. Swali zuri, dada yangu, na jibu langu ni hapana, si kwa mafuta haya. Siki huyeyusha chokaa, na kama tatizo lako ni maji magumu utaona nafuu. Lakini vilainishi vingi vya sasa vina viungo vya esta, yaani vile vinavyounganisha kichwa na mikia ya mafuta, ambavyo hutulia katika tindikali. Kimiminika chenyewe chupani hutengenezwa kiwe na tindikali ili kisiharibike. Siki inakipa mazingira kinayoyapenda. Kinachokivunja ni kinyume chake, yaani magadi. Tena tafadhali, siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Fanya hivi. Chukua mataulo ya pamba peke yake, usiijaze mashine. Weka kipimo kamili cha sabuni ya unga, ongeza nusu kikombe cha soda ya kufulia, fua kwa nyuzi joto 60, usuuze mara mbili, na usitie chochote mwishoni. Joto hulegeza mafuta, magadi hukata esta, na sabuni yenye chaji hasi huzishika zile molekuli zenye chaji chanya na kuziondoa. Taulo lenye mabaka ya miaka litahitaji mizunguko miwili au mitatu. Kila baada ya mzunguko, likikauka, lidondoshee tone. Viskosi na mikrofaiba zisipelekwe kwenye joto hilo bila kusoma lebo. Nyuzi joto 40 na mizunguko zaidi ni salama kwazo.

Na sasa tulirudie tone letu. Aliye karibu, tuambie. Bado lipo? Limepungua kidogo pembeni, bado ni la duara. Basi anayetaka kuja kulijaribu taulo hili baada ya kulifua kwa soda aje kesho saa nne asubuhi, nitakuwa hapa hapa na bomba la matone.